Moyo Mtupu wa Mama Yake Musa



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, uongozi wa jumuiya yenu ulinitaka niwazungumzie wanafunzi wapya juu ya maadili ya maisha ya chuo. Nilikubali. Lakini nikiwa njiani kutoka Nyamirambo kuja kwenu nilibadilisha nia, kwa sababu kila mwaka mnausiwa kuhusu marafiki, simu na swala za jamaa, na sijamsikia mtu akiwaeleza kinachotokea nyumbani mlikotoka baada ya mlango kufungwa. Hasa wewe uliye kitinda mimba, ambaye ulipoondoka hakubaki mtoto mwingine ndani.

Nalijua jambo hili kwa kuwa limetokea nyumbani kwangu. Tuna watoto watano. Wanne walishatoka, wengine kwa ndoa na wengine kwa kazi. Wa tano tulimsindikiza kituo cha mabasi cha Nyabugogo jioni moja, akapanda basi la Kampala ili aendelee hadi Mbale, katika kile Chuo Kikuu cha Kiislamu ambacho wengi wenu mna ndugu wanaosoma huko. Mama yake alisimama vizuri kabisa. Alimfungia chapati, akamsomea dua, akapunga mkono. Tulirudi nyumbani kwa miguu nikasema moyoni, alhamdulillah, mama huyu ana imani.

Siku ya tatu nilirudi kutoka swala ya Alasiri nikamkuta ameketi jikoni mbele ya sufuria. Alikuwa amepika kilo nzima ya wali. Kwa miaka zaidi ya ishirini mkono wake ulizoea kipimo kile, na sasa walaji tulikuwa wawili. Hakuwa analia. Aliniambia tu, "Baba, sijui nilikuwa nampikia nani."

Hapo nikafanya kosa ambalo nataka mlijue, kwa sababu nanyi mtalifanya kwa simu. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba mtoto hakufa, amekwenda kutafuta elimu, na kwamba Muumini huridhika na kadari. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa kama kofi. Alinyanyuka akafunika sufuria, na kwa wiki mbili hakunieleza tena lililomo moyoni mwake. Ni kisa cha mama yake Musa kilichonionyesha nilipokosea, ingawa nilikuwa nimekifundisha madrasa mara nyingi.

Mnakijua kisa chenyewe katika Suratul Qasas. Firauni anaua watoto wa kiume wa Bani Israili. Katika aya ya 7 Allah anamtia mama yake Musa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtupe mtoni, wala asiogope wala asihuzunike, kwa kuwa Allah atamrudisha kwake na atamfanya kuwa miongoni mwa Mitume. Lipimeni jambo hili. Hakuna mama aliyewahi kuahidiwa kama yeye. Ameambiwa mtoto atarudi, na ameambiwa hata cheo atakachokuwa nacho. Mama yako wewe hakuambiwa hata kama utafaulu mwaka wa kwanza.

Pamoja na ahadi hiyo yote, aya ya 10 inasema moyo wake ukawa mtupu. Neno lenyewe ni faarigha. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo ndugu yake kinywani kila siku, neno faragha, ambalo asili yake ni huko huko kwenye kuwa wazi na kutokuwa na shughuli. Wafasiri wengi, na Ibn Kathir ni mmoja wao, wanaeleza kwamba moyo ule uliondokewa na kila jambo la dunia isipokuwa kumkumbuka Musa. Chakula, kazi, majirani, kesho, vyote vilitoka. Na aya inaendelea kwamba alikaribia kuidhihirisha siri, lau Allah asingeufunga moyo wake ili awe miongoni mwa waumini.

Tazameni mpangilio huo. Allah hakusema moyo wake ulikuwa mtupu kwa kuwa alikosa imani. Utupu ulikuja, kisha Allah akaufunga moyo, kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba usimwagike, naye akahesabiwa katika waumini akiwa katika hali hiyo hiyo. Basi mimi ni nani wa kumwambia mke wangu kwamba wali wa ziada ni upungufu wa imani? Na wewe ni nani wa kumwambia mama yako kwenye simu, "Mama acha hayo, mshukuru Mungu"? Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila la kumridhisha Mola. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Mwanenu hakufa, kweli, lakini huzuni haiombi ruhusa kwa kiwango cha msiba.

Na hapa kwetu Rwanda tuongeze jambo. Wapo kina mama ambao mwaka 1994 waliagana na watu asubuhi na hawakuwaona tena. Kwa mama kama huyo, begi lililofungwa mlangoni halina maana ile ile liliyonayo kwako. Wewe unaona safari ya chuo. Yeye mwili wake unakumbuka kitu kingine, hata kama hatakitaja kamwe. Mkimwona anapiga simu mara sita kwa siku, msiharakishe kumcheka na wenzenu bwenini.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nibadilishe mada. Aya ya 11 inaonyesha tendo la kwanza la mama yule baada ya moyo wake kufungwa. Hakukaa. Alimwambia dada yake Musa amfuatilie, na binti yule akamwangalia kwa mbali bila watu wa Firauni kutambua. Kisha aya ya 12 inatueleza kwamba Allah alimzuilia Musa wanyonyeshaji. Kila ziwa lililoletwa alilikataa. Ndipo dada akapendekeza nyumba itakayomlea, na katika aya ya 13 mtoto anarudi kwa mama yake, ili jicho lake liburudike, asihuzunike, na ajue kwamba ahadi ya Allah ni ya kweli.

Allah alikuwa na uwezo wa kuuondoa utupu ule kwa namna nyingi. Angeweza kumsahaulisha. Angeweza kumpa mtoto mwingine. Njia aliyoichagua ni kumfanya mtoto amhitaji mama kwa haja ya kweli, haja ambayo mwingine yeyote katika jumba la kifalme hakuweza kuitimiza. Huzuni ya mama aliyebaki peke yake ina sehemu mbili, ndugu zangu. Moja ni kumkosa mtoto, na hiyo sauti yako kwenye simu huipunguza. Ya pili ni kukosa kazi ya kufanya, kutojua asubuhi ameamkia nini, na hiyo sauti peke yake haiifikii. Unaweza kumpigia kila siku, ukamsalimia kwa adabu zote, na ukamwacha mtupu vile vile, kwa sababu ulichompa ni habari tu. Haja yako ya kweli hukumpa.

Nitawaeleza ilivyokuwa kwetu. Mwanetu ni mzito wa usingizi tangu utotoni. Kwa miaka mingi kazi ya mama yake ilikuwa kumwamsha kwa swala ya Alfajiri, mara ya kwanza kwa jina, mara ya pili kwa kuvuta shuka, mara ya tatu kwa maji. Alipofika Mbale alitegemea kengele ya simu, akawa anaizima akiwa usingizini. Swala zikaanza kumpita. Kwanza alificha, akawa anasema "niko sawa" kila tukiuliza. Siku moja akamwambia mama yake ukweli, na akamwomba, "Mama, niamshe wewe. Sauti yako siwezi kuizima."

Jambo hili halikuwa dogo. Saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja, na jua la Mbale hutangulia la Kigali kwa takriban robo saa kwa kuwa Mbale iko mashariki. Kwa hiyo Alfajiri ya huko huingia kabla ya yetu. Ili amwamshe mwanawe, mama huyu inambidi awe macho kabla muadhini wa Nyamirambo hajapanda sauti. Aliniuliza tofauti ya saa, akaandika nyakati za Mbale kwenye karatasi, akaibandika ukutani jikoni karibu na mtungi. Sasa ananiamsha na mimi pia, na sikuombwa maoni. Anampigia, anasubiri asikie maji ya bomba yakitoka, ndipo anakata. Kisha kwa kuwa bado ana robo saa mkononi, anaswali rakaa mbili za usiku ambazo, kwa kukiri kwake, hakuwahi kuzidumisha alipokuwa na watoto watano ndani ya nyumba.

Niangalieni vizuri hapo. Mtoto hakubuni haja ili kumfurahisha mama. Mama hutambua haraka sana haja ya uongo, kama unavyotambua mtu anayekuomba ushauri ambao hataufuata. Kijana alikuwa na udhaifu wa kweli, akaondoa haya, akamwonyesha. Wengi wenu mnadhani kumpenda mzazi ni kumwonyesha kwamba mmekomaa na hamhitaji kitu. Mnampigia mnapoishiwa na pesa tu, na pesa mara nyingi ni ya baba au ya kaka mkubwa, kwa hiyo hata haja hiyo haimhusu yeye. Inampa wasiwasi tu, akawa anaogopa simu ikilia. Mtafutie lile ambalo yeye peke yake analo. Kuna binti mmoja wa chuoni aliyenieleza kwamba kila Jumamosi hupika na mama yake kwa simu, simu imesimamishwa kwenye kikombe, mama anauliza "vitunguu vimekuwa rangi gani?" Kuna mwingine anayemsomea mama yake hifdhi ya wiki, na mama anafuata kwenye msahafu. Haya ni maziwa ya mama yake Musa. Walezi wengine hawanayo.

Lakini kila jambo lina mpaka wake. Musa aliachishwa ziwa. Alikua, akaikimbia Misri, akakaa Madyan miaka mingi, na hatusomi kwamba mama yake alimfuata huko. Simu ya Alfajiri haiwezi kuwa nguzo ya mama kwa maisha yake yote, wala si haki kwako kulibeba jambo hilo peke yako. Naona wanafunzi wawili wanaokosea hapa. Mmoja anaacha masomo muhula wa kwanza arudi nyumbani kwa kuwa mama analia, na mama huyo huyo baadaye anabeba huzuni ya pili, ya kujiona ndiye aliyemharibia mwanawe. Mwingine anapokea kila simu katikati ya kipindi cha darasani, hadi siku anapoizima, na mama akipiga bila majibu anadhani amekufa barabarani. Panga saa maalumu na uitimize. Mama anayejua kwamba utampigia baada ya Isha anaweza kuishi siku yake. Asiyejua huishi akiwa ameshika simu.

Ili mama apate lake mwenyewe, ipo aya fupi katika Suratu Sh-Sharh, ya 7, ambayo ndani yake mzizi ule ule wa faarigha unarudi. Allah anamwelekeza Mtume wake kwamba anapomaliza shughuli moja na kuwa na nafasi, asimame kwa juhudi katika nyingine, na aya ya 8 inaielekeza shauku hiyo kwa Mola wake. Neno lile lile la utupu sasa ni nafasi. Sikulisoma hili kwa mke wangu siku ya sufuria, na namshukuru Allah kwamba sikulisoma, kwa kuwa lingekuwa kofi la pili. Kipindi chake kilikuwa hakijafika. Lilipofika, alilifikia mwenyewe.

Saa yake mbaya zaidi ilikuwa ile ya baada ya Alasiri, saa ambayo kwa miaka yote mlango ulifunguliwa na mabegi ya shule yakatupwa kwenye kiti. Muulizeni mama yenu saa yake ni ipi. Kila mama anayo moja, na mara nyingi si usiku kama tunavyodhani. Alianza kuondoka nyumbani saa hiyo kwenda kwa kina mama wenzake Biryogo wanaosoma Qur'ani. Alikuwa amehifadhi sura fupi kwa kusikia, lakini hakujua kuzisoma kwa herufi, kwa kuwa aliolewa mapema na kila akitaka kuanza alikuwa na mtoto mgongoni. Alianza na alif na baa, mama wa watoto watano, ameketi karibu na msichana wa miaka kumi. Mwezi wa kwanza alikuwa anarudi amechoka na kuona haya. Sasa yuko katikati ya Juzuu Amma, na jioni ananirekebisha matamshi ya herufi ambazo nimezisoma vibaya miaka thelathini.

Nisisahau kina baba. Nimekuwa nikisema mama, mama, na mmoja wenu pale nyuma ameniangalia kama anayeuliza. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia hadi macho yake yakawa meupe, Suratu Yusuf aya ya 84, na waliomkemea walikuwa wanawe, wakimwambia ataendelea kumkumbuka Yusuf hadi ajiangamize. Aliwajibu kwamba mashaka na huzuni zake anamshitakia Allah. Kisha katika aya ya 87 akawapa kazi, wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Baba zenu hawalii mbele yenu. Mimi nilikuwa namlaumu mke wangu kwa wali, na huku kila Ijumaa nikifika mlangoni nilikuwa nasimama nikimsubiri mtu wa kutembea naye msikitini, kisha nakumbuka. Sikumwambia mtu. Mwanangu alipoanza kunitumia swali la fiqhi kila Alhamisi usiku ili nimjibu baada ya kutafiti, nilidhani ni bidii ya masomo. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mama yake alikuwa amemweleza juu ya kule kusimama mlangoni.

Jambo moja zaidi, na hili lisichukuliwe kwa wepesi. Si kila huzuni ya nyumba tupu inatibiwa kwa simu na darasa la Qur'ani. Mama wengi wanaachwa na kitinda mimba katika umri ule ule ambao hedhi inakoma, kati ya miaka 45 na 55, na mwili wenyewe unamnyima usingizi, unamletea joto la ghafla na hasira zisizo na sababu. Hapo anahitaji kuonwa na mtu wa afya, na si kusemwa. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, halali au analala mchana kutwa, hali, hafurahii hata wajukuu, ameacha swala alizokuwa akizipenda, basi huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Unatibika, na kumpeleka kituo cha afya ni sehemu ya wema uliousiwa. Akisema kwamba ni bora asingekuwepo, usimjibu kwa hadithi. Piga simu kwa ndugu aliye karibu naye aende siku hiyo hiyo na asimwache peke yake, na asubuhi afikishwe kwa daktari. Wewe uliye mbali huwezi kuona kama anakula. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, au likizo ijayo kama umeshaondoka, mtafute jirani au shangazi mmoja ambaye atakwambia ukweli, kwa sababu mama atakwambia "tuko salama" hata kama jiko halijawashwa siku mbili. Hili lina uzito zaidi kwa wale ambao mama zao ni wajane.

Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) kumpa kiapo cha utii juu ya kuhama, akasema kwamba amewaacha wazazi wake wawili wakilia. Mtume akamwamuru arudi kwao, awachekeshe kama alivyowaliza. Imepokewa na Abu Dawud na wengineo. Nilimuuliza mwanangu, alipokuja likizo, kama hadithi hii haimtii hofu kwa kuwa yeye amebaki Mbale. Akaniambia, "Baba, Mama anacheka kila siku. Ananisikia nikijigonga mlango wa bafu gizani."

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.